Nani anaendesha bomba la kijiji? Serikali, utawala na bili ya shule

Pampu ya kijiji ikinyamaza, neno la kwanza kwenye kilula, bomba la umma la kuchotea maji, huwa "serikali iko wapi?" Wanaouliza wana haki ya kuuliza. Ila ukifuatilia kwa makini nani hasa anatakiwa kufanya nini ili maji yarudi, unakuta watu na ofisi kama kumi, na serikali kwa maana ya kawaida ni sehemu yake tu. Miaka ya kukaa na kamati za maji vijijini Tanzania imetufundisha kwamba tofauti kati ya serikali na utawala, ambayo vyuoni inasomwa kama nadharia, ndiyo inayoamua kama pampu itakaa siku tatu au miezi sita bila kuguswa.

Tuanze na maneno, kwa sababu Kiswahili chenyewe kinatuchanganya kidogo hapa. "Serikali" ni neno lililotufikia kutoka Kiajemi kwa njia ya India, na kila mtu anajua linamaanisha nini: wizara, mkuu wa wilaya, halmashauri, mtendaji wa kijiji, watu wenye mhuri na sheria ya kukulazimisha. "Utawala" limetoka kwenye kutawala, kwa hiyo masikioni mwetu lina mtawala juu na mtawaliwa chini. Miaka ya tisini likaongezewa "bora", na Tanzania ikapata hata chombo cha kikatiba chenye jina hilo, Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora. Ndiyo maana wengi wakisikia utawala wanafikiria tabia za wakubwa: wasile rushwa, wawe wawazi, wasionee watu.

Wasomi wa mambo ya umma wanalitumia kwa upana zaidi. Kwao serikali ni taasisi, utawala ni mwendo mzima wa jinsi jambo la watu wote linavyoamuliwa, linavyogharamiwa na linavyotekelezwa, awe anayelifanya ni ofisa wa serikali, kamati ya wananchi, kampuni au shirika la dini. Ukilishika hivyo, unaona kwamba kijiji kinaweza kuwa na serikali kamili, mwenyekiti, mtendaji na mihuri yote, na bado maji yake yasiwe na utawala wowote. Kinyume chake nacho kipo. Mifongo ya Wachagga, mifereji yao ya asili ya maji kwenye miteremko ya Kilimanjaro, iligawiwa kwa zamu, ikasafishwa na kulindwa na wenye mfongo wenyewe tangu kabla ya ukoloni. Kulikuwa na kanuni, zamu na adhabu kwa mwizi wa maji, na hakukuwa na idara ya maji.

Mwaka 1996 Mwingereza Rod Rhodes aliandika makala iliyojadiliwa sana kuhusu kile alichokiita kutawala bila serikali. Alikuwa anaitazama Uingereza, ambako tangu miaka ya themanini huduma nyingi zilikuwa zimetolewa kwenye mikono ya wizara na kupelekwa kwa wakala, kampuni na mashirika ya hiari. Alichosema ni kwamba kazi ya umma sasa inafanywa na mitandao: wahusika wengi wanaotegemeana, kwa sababu hakuna hata mmoja mwenye fedha, ujuzi, mamlaka na taarifa kwa pamoja. Kila mmoja ana kipande, na wanabadilishana vipande hivyo kwa mazungumzo, kwa kuaminiana na kwa kanuni walizokubaliana. Amri haitoshi, maana huwezi kumwamuru usiyemwajiri. Bei haitoshi, maana si kila kitu kinauzwa. Kinachobaki ni njia ya tatu, nayo ndiyo mtandao.

Kwetu hadithi ilipita njia nyingine. Mwaka 1971 Tanzania ilianza mpango wa miaka 20 wa maji vijijini, lengo likiwa kila mwananchi apate maji safi karibu na nyumbani ifikapo 1991. Maji yalikuwa bure. Serikali ilichimba, ikajenga, ikanunua dizeli na ikamlipa fundi. Huo ni mfano safi wa kazi ya umma inayoendeshwa na serikali peke yake, na kasoro yake haikuwa nia. Kasoro ilikuwa kwamba kila kitu kilipita kwenye mrija mmoja. Bajeti ya dizeli ikikwama mjini, vijiji vyote vilivyo chini ya ofisi hiyo vinakauka wiki hiyohiyo, hata kama kijiji kimoja kimetoka kuvuna pamba na kina hela ya kununua pipa zima. Mwananchi hakuwa na cha kuamua wala cha kulipia, kwa hiyo hakuwa na pa kushika. Lengo la 1991 halikufikiwa.

Sera ya maji ya mwaka huo, kisha ile ya 2002, ikageuza mambo: wananchi wachangie, wamiliki, waendeshe. Sheria ya 2009 ikazipa jumuiya za watumia maji nafasi ya kisheria. Sheria Na. 5 ya 2019 ikaanzisha RUWASA, wakala wa maji vijijini, na kuweka chini yake vyombo vya watoa huduma ya maji ngazi ya jamii, ambavyo wengi wetu tunaviita "chombo" tu, au bado tunasema "jumuiya". Chombo kinasajiliwa, kina kamati iliyochaguliwa na watumia maji, kina akaunti ya benki, na kinatakiwa kuwa na fundi na mhasibu wanaolipwa.

Hapo ndipo mtandao ulipozaliwa. Hebu uhesabu walioko kuzunguka kisima kimoja kirefu chenye pampu ya umeme. Chombo kinauza maji. RUWASA wilaya inasimamia chombo na ina wahandisi. Bodi ya Maji ya Bonde, mojawapo ya bodi za mabonde tisa ya nchi, inatoa kibali cha kutumia maji hayo na inadai ada yake ya mwaka. TANESCO inaleta umeme. Serikali ya kijiji ina ardhi ambamo kisima na tenki vimekaa. Halmashauri ina shule na zahanati zinazotumia maji. Diwani ana sauti kwa wananchi. Muuza vipuri yuko mjini, mfadhili aliyejenga mradi labda ameshaondoka, na wafugaji wana mbauti ya kunyweshea mifugo ambayo haimo kwenye mchoro wa mhandisi lakini ng'ombe wanaijua. Hakuna mmoja kati ya hawa anayeweza kumfukuza kazi mwenzake.

Sasa tuingie ndani ya kitabu cha mhasibu, maana hapo ndipo utawala unapoonekana kwa macho. Tarakimu zifuatazo ni za kukokotolea, zibadilishe kwa za kwenu.

Chukua mradi wenye vilula 10. Sera ya 2002 ilihesabu kilula kimoja kwa watu 250, umbali usiozidi mita 400, lita 25 kwa mtu kwa siku. Watu 2,500 kwa hesabu hiyo wangechota ndoo 3,125 za lita 20 kila siku. Hawachoti hizo. Kuna visima vya mkono, kuna maji ya mvua yanayotoka kwenye bati, na kuna kubana matumizi kwa sababu ya bei. Tuseme zinauzwa ndoo 1,200 kwa siku, kila ndoo shilingi 40. Ni shilingi 48,000 kwa siku, 1,440,000 kwa mwezi wa siku 30. Wahudumu wa vilula wakibaki na asilimia 20 kama ujira wao, zinazofika benki ni 1,152,000. Umeme unakula 450,000. Fundi 200,000, mhasibu 200,000. Inabaki 302,000 ya koki, viungio, ada ya bonde na akiba ya pampu.

Mhasibu mzuri haishii hapo, anakwenda kusoma dira za kupimia maji. Ndoo 1,200 kwa siku 30 ni uniti 720, yaani meta za ujazo 720. Dira kuu inayotoka kwenye tenki inasema uniti 1,000 zimepita. Uniti 280 ziko wapi? Watu wengi wakiona pengo la asilimia 28 wanakimbilia kusema wahudumu wanaiba au bomba linavuja. Inawezekana, na namna ya kujua ni rahisi: funga vilula vyote na matawi yote mengine saa nne usiku, soma dira kuu, rudi saa kumi alfajiri uisome tena. Ikiwa imetembea, bomba linavuja au kuna mtu amejiunganisha. Ikiwa imesimama, maji yanapotea mchana kwa mkono wa binadamu, na hapo linganisha dira ya kila kilula na daftari lake.

Lakini katika mfano wetu kuna dira moja ambayo watu huisahau kwa sababu hakuna anayeilipia, dira ya shule ya msingi. Inasoma uniti 130. Kwa bei ya shilingi 40 kwa ndoo, uniti moja yenye ndoo 50 ni shilingi 2,000, kwa hiyo shule imetumia maji ya 260,000 mwezi huu. Mwezi uliopita hivyohivyo. Uniti 150 zilizobaki ndizo za kutafutiwa mvujo.

Bili hii ya shule ndiyo somo zima la serikali na utawala ndani ya karatasi moja. Jaribu kuidai kwa njia ya amri. Mwenyekiti wa chombo hana mamlaka juu ya mwalimu mkuu. Mwalimu mkuu yuko chini ya halmashauri. RUWASA ni wakala wa Wizara ya Maji, haiamuru halmashauri. Mwalimu mkuu mwenyewe anakuonyesha kwamba ruzuku ya shule huingia kwenye akaunti ikiwa na maelekezo ya matumizi yake, na hawezi kuwatoza wazazi mchango kiholela. Hasemi uongo. Jaribu sasa kwa njia ya soko: asiyelipa akatiwe. Ukikata, wanafunzi mia kadhaa wanakosa maji ya kunawa baada ya choo, na ni watoto wa wanachama wako walewale. Kesho yake diwani yuko mlangoni, na ana haki ya kuwa mlangoni.

Kwa hiyo bili haidaiwi, haifutwi, inakaa. Hiyo 260,000 inaweka mradi katika hali gani? Tuseme pampu mpya pamoja na kuitumbukiza inafika milioni 6. Kwa akiba ya 302,000 kwa mwezi, bila kugusa hata shilingi kwa koki, unahitaji miezi 20. Shule ikilipa, akiba inakuwa 562,000, nawe unafika ndani ya miezi 11. Pampu haitasubiri. Kilichokosekana hapa ni kiungo kati ya ofisi ambazo kila moja, ukiitazama peke yake, inafanya kazi yake sawasawa.

Hapa ndipo wasomi wanaposema mtandao, na mara nyingi kosa ni kudhani mtandao maana yake mkutano. Tumeona mikutano mingi yenye wadau wote, soda na posho, na muhtasari unaoisha kwa neno "ifuatiliwe". Neno hilo ni dalili ya ugonjwa. Kitenzi hakina mtenda. Ukipitia mihtasari mitatu mfululizo ya kamati ukakuta "ifuatiliwe" juu ya jambo lilelile, jua kwamba mtandao upo kwa majina tu, na kila mmoja ametoka ukumbini akiamini mwenzake ndiye atakayefanya. Serikali ya zamani angalau ilikuwa na mtu mmoja wa kulaumiwa. Mtandao mbaya hauna hata huyo, na huu ndio udhaifu mkubwa ambao wanaoisifia mitandao hawaupi uzito unaostahili.

Dawa tuliyoiona ikifanya kazi ni kuchukua tatizo moja, si sera nzima, na kujibu kwa maandishi: nani ana mamlaka ya kulimaliza, nani ana fedha, nani ana ujuzi, nani anaumia likikaa. Kwa bili ya shule majibu yanatofautiana kwa kila swali. Mamlaka ya kupanga fedha yako kwa mkurugenzi wa halmashauri na kwa sehemu ndogo kwa mwalimu mkuu. Fedha kidogo iko shuleni. Ujuzi wa kupunguza matumizi uko kwa fundi wa chombo. Wanaoumia ni wachota maji wa vilula 10, ambao bila kujua wanalipia maji ya shule kupitia pampu isiyowekewa akiba.

Ukishaandika hivyo, mazungumzo yanabadilika. Fundi anakwenda shuleni kwanza na kukagua. Mara nyingi uniti 130 si unywaji wa watoto. Boya la tenki limekufa na maji yanamwagika usiku, au koki mbili za chooni hazifungi. Tuseme vifaa vya 35,000 vinashusha matumizi hadi uniti 60. Bili sasa ni 120,000. Chombo, kwa uamuzi wa mkutano mkuu wa watumia maji, kinaweza kukubali kubeba sehemu, tuseme nusu, kwa kuwa watoto ni wao. Jambo hili lazima liamuliwe na wanachama wenyewe, lisiwe hisani ya mwenyekiti. Inabaki 60,000 kwa mwezi, kiasi ambacho mwalimu mkuu anaweza kukitetea mbele ya ofisa elimu na halmashauri ikakiweka kwenye bajeti ya mwaka unaofuata. Angalia kilichotokea: hakuna aliyeamriwa, hakuna aliyekatiwa, na kila mmoja ametoa kipande alichokuwa nacho.

Ubia ni kitu kingine, ingawa watu huuchanganya na mtandao. Mtandao hauna mlango, unaingia kwa sababu unategemeana na wengine. Ubia una mkataba, wahusika wachache, muda, na mgawanyo wa nani anabeba hasara ipi. Tanzania ina sheria yake ya ubia kati ya sekta ya umma na sekta binafsi tangu 2010. Mfano mkubwa kwenye maji ulitangulia sheria hiyo. Agosti 2003 kampuni ya City Water ilikabidhiwa uendeshaji wa maji ya Dar es Salaam kwa mkataba wa miaka 10 na DAWASA, mamlaka ya maji ya jiji hilo, na Mei 2005 serikali ikautangaza kuwa umekwisha. Shauri lilifika kwenye usuluhishi wa kimataifa, na mwaka 2008 uamuzi ukasema serikali ilikiuka baadhi ya wajibu wake lakini mwekezaji hakupewa fidia. Kwa tunaofanya kazi ngazi ya kijiji, la kushika hapo ni dogo na la vitendo. Mbia alipoondoka, wananchi waliendelea kuhitaji maji asubuhi yake, na mzigo ulirudi kwa taasisi ya umma. Kwa hiyo hata kwenye mkataba mdogo wa kijiji, wa fundi binafsi au wa muuzaji anayefunga dira za malipo ya kabla, andikeni kabla ya kutia saini: akiondoka, nani anabaki na funguo, nenosiri la mfumo, vipuri na orodha ya wateja? Vijiji vimewahi kubaki na dira ambazo hakuna mtu kijijini anayeweza kuzipangia upya bei.

Tusiende mbali mpaka tukasema serikali haihitajiki. Mitandao ya maji inafanya kazi chini ya kivuli cha dola. Chombo kinamsikiliza fundi wa RUWASA kwa sababu kinaweza kukaguliwa na uongozi wake kuwajibishwa. Mwenye shamba la juu haelekezi mto kwake kwa sababu bodi ya bonde inaweza kumnyima kibali. Kivuli hicho kikiondoka, mwenye nguvu anabadilisha mtandao kuwa mali yake: mfanyabiashara aliye kwenye kamati anajiunganishia bomba la inchi moja na nusu kwa bustani yake, na vilula vya mwisho wa bomba vinatoa hewa saa za jioni. Dalili ya hali hiyo haiko kwenye muhtasari. Iko kwenye kilula cha mwisho. Kwa hiyo tunapokagua mradi hatuanzii ofisini, tunaanzia huko, na ndoo na saa. Kilula kilichojaza ndoo ya lita 20 kwa dakika mbili siku ya uzinduzi na leo kinachukua dakika saba kimekwishatoa taarifa yake.

Na kabla pampu haijanyamaza, kuna jambo la dakika kumi ambalo kamati nyingi hulisahau. Nendeni benki mkahakikishe watia saini wa akaunti ya chombo bado wako kijijini. Kamati inachaguliwa upya, mweka hazina anahamia Kahama kufuata mume, mwingine amefariki, na majina hayabadilishwi. Siku pampu inapoungua fundi yuko tayari, RUWASA ina vifaa vya kuivuta, muuza vipuri anayo pampu dukani, na milioni 6 za wananchi ziko benki. Hakuna anayeweza kuzitoa. Kubadilisha watia saini kunahitaji muhtasari wa mkutano wenye mahudhurio yaliyosainiwa, barua ya kuwatambulisha, picha na vitambulisho vyao, na safari mbili za mjini. Ukianza siku ya msiba, ni wiki tatu za ndoo kichwani.